Beji inatokea mara mbili au haitoki kabisa? Chunguza ni nani anayehesabu kwenye gemu yako

JE, umewahi kucheza gemu ukaahidiwa beji ukifikisha mizigo 100, ukafikisha 100, ukafikisha 110, na beji bado haijaonekana? Halafu rafiki yako aliye na gemu hiyo hiyo kwenye simu yake anakuambia kwamba yeye alipewa beji hiyo mara mbili, tena kwa sekunde chache tu. Wengi hudhani simu ndiyo mbovu ama intaneti ilipotea. Mara nyingi simu haina makosa. Kosa liko ndani ya msimbo wa gemu, na ni kosa ambalo wewe unayejifunza kutengeneza gemu utalifanya mapema sana usipoonyeshwa linavyoanza.

Beji hizi si jambo la jana. Microsoft ilizileta kwenye Xbox 360 mwaka 2005, zikifuatana na alama za kila mchezaji zinazoitwa Gamerscore. Steam ikafuata 2007, na Sony ikaleta vikombe vyake kwenye PlayStation 3 mwaka 2008. Siku hizi hata gemu ndogo ya simu huwa nazo, kwa sababu humpa mchezaji jambo la kukimbizana nalo baada ya kumaliza hadithi yenyewe.

Ukiangalia kwa haraka, beji ni kitu rahisi. Kuna namba inayopanda, kuna lengo, na namba ikifika kwenye lengo beji inafunguka. Shida haiko kwenye namba hiyo. Shida iko kwa wale wote wanaoruhusiwa kuigusa.

Gemu ya boda na beji ya mizigo 100

Tuchukue mfano wa kufikirika ili tuone namba zikitembea. Wewe na wenzako wawili mnatengeneza gemu ya boda boda kwa kutumia Godot toleo la 4, programu ya bure ambayo vijana wengi huanza nayo. Mchezaji anabeba mizigo mjini na kuifikisha kwenye milango ya wateja. Akifikisha mizigo 100, anapata beji ya Bingwa wa Mizigo. Idadi ya mizigo inakaa mahali pamoja panapoonekana na gemu nzima, kwa jina `Mchezaji.mizigo`.

Wiki ya kwanza, wewe unaandika faili ya mlango. Boda ikifika mlangoni, mzigo unahesabiwa, kisha unaangalia kama 100 imefika:

```gdscript
# mlango.gd
func _on_body_entered(body):
    Mchezaji.mizigo += 1
    if Mchezaji.mizigo == 100:
        onyesha_beji()
```

Mnaijaribu, beji inatokea, kila mtu anafurahi. Wiki ya tatu, mwenzako anaongeza misheni: safari ndefu yenye hadithi, inayoishia kwa kufikisha mzigo mmoja maalum. Yeye hajui kwamba mlango tayari unahesabu, kwa hivyo anaongeza hesabu yake mwisho wa misheni. Tena amesikia kwamba kutumia "sawa na" ni hatari, basi anaandika "sawa na au zaidi":

```gdscript
# misheni.gd
func maliza():
    Mchezaji.mizigo += 1
    if Mchezaji.mizigo >= 100:
        onyesha_beji()
```

Wiki ya tano, mwenzenu wa tatu anatengeneza soko, ambapo mchezaji akipeleka furushi la mizigo mitatu anahesabiwa yote mara moja. Huyu anaongeza 3, na hakumbuki habari ya beji kabisa:

```gdscript
# soko.gd
func pokea_furushi():
    Mchezaji.mizigo += 3
```

Tazama vizuri. Hakuna aliyefanya uzembe hapa. Ukisoma kila kipande peke yake, kinaeleweka na kinafanya kazi yake. Lakini sasa kuna sehemu tatu zinazoongeza namba, sehemu mbili zinazoamua kama beji itoke, na hizo mbili hata hazikubaliani kuhusu kanuni. Ni kama matatu ambayo dereva anahesabu abiria, makanga anahesabu, na mtu wa steji naye anahesabu, halafu jioni mwenye gari anataka namba moja.

Wachezaji watatu, majibu matatu

Sasa tuingize wachezaji watatu kwenye gemu hiyo.

Wa kwanza anapenda milango ya kawaida tu. Namba yake inapanda moja moja: 98, 99, 100. Ikigonga 100, mlango unaona ni sawa na 100 na beji inatokea mara moja, safi kabisa. Huyu anafanana na wewe ulipokuwa ukijaribu gemu wiki ya kwanza, na ndiyo maana hukuona tatizo lolote.

Wa pili ana mizigo 98 na anaamua kwenda sokoni. Anapeleka furushi, na namba inaruka kutoka 98 hadi 101. Soko halikagui beji. Anarudi kwenye milango, namba inakuwa 102. Mlango unauliza: je, 102 ni sawa na 100? La. Baadaye 103, 104, 105. Swali hilo halitapata "ndiyo" tena maishani mwa mchezaji huyu, kwa sababu namba iliruka juu ya 100 bila kuikanyaga. Kama hapendi misheni, beji yake haitatoka milele.

Wa tatu ni mpenzi wa misheni na hajawahi kwenda sokoni. Ameshamaliza misheni 11 na namba yake inasoma 99. Anafanya misheni ya 12. Boda inafika kwenye mlango wa mwisho, mlango unaongeza moja, namba inakuwa 100, beji inatokea. Papo hapo misheni nayo inaisha, inaongeza moja yake kwa mzigo ule ule, namba inakuwa 101. Misheni inauliza: je, 101 ni sawa na 100 au zaidi? Ndiyo. Beji inatokea tena. Na haitaishia hapo, kwani kila misheni atakayomaliza kuanzia leo itamtolea beji hiyo upya.

Kuna jambo jingine kwa mchezaji huyu ambalo halionekani kwenye skrini. Kila misheni aliyomaliza ilimhesabia mzigo mmoja mara mbili. Misheni 11 za awali zilimpa mizigo 11 ya hewa. Kwa hivyo namba iliposema 100, mizigo aliyofikisha kwa kweli ilikuwa 89. Amepewa beji ya 100 kwa kazi ya 89, na hakuna aliyegundua, kwa sababu mtu hulalamika akikosa beji, si akipewa mapema.

Unaona sasa kwa nini malalamiko haya huwachanganya watengenezaji? Mmoja anasema haikutoka, mwingine anasema imetoka mara mbili, na wewe ukijaribu mwenyewe inafanya kazi. Mnaweza kudhani ni matatizo mawili tofauti. Kumbe ni tatizo moja linalotoa sura tofauti kulingana na njia ambayo mchezaji alipitia.

Dawa nusu hazitibu

Ukigundua hali hii, kishawishi cha kwanza ni kubandika kiraka pale panapovuja. Viraka vitatu ni vya kawaida, na inafaa ujue kila kimoja kinaacha nini.

Kiraka cha kwanza ni kubadilisha `==` kuwa `>=` mlangoni. Mchezaji wa pili atapata beji yake akifika 102. Lakini atapewa tena akifika 103, na 104, na kila mlango baada ya hapo. Umemtoa kwenye "kamwe" ukamtupa kwenye "kila saa".

Kiraka cha pili ni kuweka alama ya kukumbuka kwamba beji imeshatolewa, ili isitoke tena. Ukiacha `==` pale mlangoni, mchezaji wa tatu atatulia lakini wa pili bado atakwama. Alama huzuia kurudia tu. Haiwezi kufungua kilichorukwa.

Kiraka cha tatu ni kuunganisha vyote viwili, `>=` pamoja na alama. Hapa beji itatoka mara moja tu, na wengi huishia hapo wakisema kazi imekwisha. Lakini namba yenyewe bado ni ya uongo. Mzigo wa misheni bado unahesabiwa mara mbili, na beji ya 100 bado inatoka kwa 89. Siku mkiongeza beji ya mizigo 500, au mkiamua kuonyesha namba hiyo kwenye skrini, wachezaji makini watahesabu wenyewe na kuona haifanani.

Kwanza, jua ni nani anayeigusa namba

Kabla ya kurekebisha chochote, tafuta sehemu zote zinazobadilisha namba. Kwenye Godot, bonyeza Ctrl+Shift+F, andika `mizigo +=`, na utafute katika faili zote za mradi. Tafuta pia `mizigo =`, kwa sababu kuna anayeweza kuwa anaiandika upya badala ya kuiongeza, mfano gemu inapofunguliwa kutoka kwenye faili iliyohifadhiwa. Ukipata sehemu zaidi ya moja nje ya ile ya kufungulia faili, tayari una jibu la nusu ya malalamiko.

Kutafuta kwa macho hakutoshi, kwani hakukuonyeshi ni sehemu gani zinaigusa kwa tukio lile lile. Kwa hilo, weka mlinzi kwenye namba yenyewe. GDScript inakuruhusu kuandika vipande vinavyoendeshwa kila mara mtu anapobadilisha thamani:

```gdscript
var mizigo = 0:
    set(thamani):
        print(mizigo, " -> ", thamani)
        print_stack()
        mizigo = thamani
```

Sasa endesha gemu ndani ya Godot na ufikishe mzigo mmoja tu wa misheni. Chini ya skrini utaona namba ikitoka 0 hadi 1, na `print_stack()` ikitaja kwamba aliyefanya hivyo ni `mlango.gd`. Halafu utaona 1 hadi 2, na safari hii aliyetajwa ni `misheni.gd`. Mzigo mmoja, mistari miwili. Huo ndio ushahidi, na huhitaji kubishana na mwenzako.

Wakati mwingine utaona mistari miwili na yote inataja `mlango.gd`. Hapo usimlaumu mwenzako wa misheni. Huenda boda yako imeundwa kwa miili miwili, pikipiki na dereva, na kila mmoja ukiingia kwenye eneo la mlango, ishara ya `body_entered` inatumwa. Mlango umeambiwa mara mbili kwamba kuna aliyeingia, nao ukahesabu mara mbili.

Mmoja ahesabu, wengine waripoti

Dawa yenyewe ni kugawa kazi upya. Mlango, misheni na soko hazipaswi kujua chochote kuhusu namba wala beji. Kazi yao ni kuripoti kilichotokea: mzigo huu umefika. Mtu mmoja tu ndiye anayesikiliza ripoti, anaamua kama inahesabika, na anaamua kama beji inatoka.

Kwenye Godot, huyo mmoja anaweza kuwa faili unayoisajili kama Autoload, yaani inakuwepo muda wote gemu inapoendelea. Tuiite `Hesabu`:

```gdscript
# hesabu.gd
const LENGO = 100
var jumla = 0
var beji_imetolewa = false

func mzigo_umefika(mzigo):
    if mzigo.umehesabiwa:
        return
    mzigo.umehesabiwa = true
    jumla += 1
    kagua_beji()

func kagua_beji():
    if jumla >= LENGO and not beji_imetolewa:
        beji_imetolewa = true
        hifadhi()
        onyesha_beji()
```

Tuisome polepole. Kila mzigo una alama yake, `umehesabiwa`. Ripoti ikija, swali la kwanza ni kama mzigo huo umeshaingia kwenye hesabu. Kama umeingia, ripoti inapuuzwa. Hapa ndipo nguvu yote ilipo. Mlango ukiripoti mara mbili kwa sababu ya pikipiki na dereva, au misheni ikiripoti mzigo ambao mlango umesharipoti, hakuna kinachoharibika. Ni kama ujumbe wa M-Pesa. Ukiingia mara mbili kwenye simu ya mwenye duka, anaangalia nambari ya muamala, anaona ni ile ile, na anajua amelipwa mara moja tu. Duka halihesabu ujumbe, linahesabu miamala. Nawe usihesabu ripoti, hesabu mizigo.

Soko nalo halirushi tena namba kwa 3. Linaripoti mzigo wa kwanza, wa pili na wa tatu, mmoja mmoja, na kila mmoja unakaguliwa njia ile ile. Misheni haihesabu tena chochote. Inasubiri kusikia kwamba mzigo wake umefika, kisha inaendelea na hadithi.

Mchezaji wa tatu akirudi kwenye gemu mpya na kuanza safari upya, misheni zake 12 zitampa mizigo 12, si 24. Na wa pili akiwa na 98 kisha akapeleka furushi, namba itapita 99, 100, 101, na beji itatoka pale kwenye 100.

Robert Nystrom, mhandisi aliyeandika kitabu maarufu kuhusu mbinu za kuunda gemu mwaka 2014, anatumia beji kama mfano wake alipokuwa akieleza mtindo huu wa kuripoti na kusikiliza. Hoja yake ni kwamba beji hufunguliwa na vitu vya kila aina ndani ya gemu, na kwamba usipoangalia, mistari ya beji itajipenyeza kila mahali, hata katikati ya hesabu za fizikia za mtu kuanguka kutoka darajani. Ukitaka kwenda hatua moja mbele, badala ya mlango kuita `Hesabu` kwa jina, unaweza kuufanya utume ishara ya Godot kwa kutumia `signal`, na `Hesabu` iisikilize. Kwa gemu ndogo, njia yoyote kati ya hizo mbili ni sawa, mradi anayehesabu abaki mmoja.

Mtego wa kuhifadhi

Kuna mlango mmoja wa nyuma ambao marudio huingilia hata kama umefanya yote hayo. Mchezaji amehifadhi safari yake akiwa na mizigo 97. Anafikisha mitatu zaidi, anapata beji, kisha boda inaanguka mtoni na gemu inamrudisha kwenye ile 97. Anafikisha mitatu tena. Je, beji itatoka tena?

Inategemea alama ya `beji_imetolewa` umeihifadhi wapi. Ukiiweka kwenye faili ya safari, itarudi nyuma pamoja na safari, na beji itatoka mara ya pili. Kwa hivyo tenganisha faili mbili. Faili ya safari ibebe `jumla` pamoja na alama za mizigo, kwa sababu hivyo viwili lazima virudi nyuma pamoja. Ukivitenga, mzigo utasahau kwamba ulihesabiwa ilhali jumla inakumbuka, na utaongezwa upya. Faili ya mchezaji ibebe beji, kwa sababu beji ni mali ya mchezaji na hairudi nyuma hata akianza safari mpya.

Angalia pia mpangilio ndani ya `kagua_beji`. Tunaweka alama, tunahifadhi, ndipo tunaonyesha. Ukionyesha kwanza na simu ikazima chaji kabla ya kuhifadhi, kesho beji itatoka tena. Ukihifadhi kwanza na simu ikazima kabla ya kuonyesha, mchezaji atakosa ile shamrashamra ya skrini tu, lakini beji ataikuta kwenye orodha yake. Kati ya hasara hizo mbili, ya pili ni ndogo.

Na usisahau kuita `kagua_beji()` mara tu faili inapofunguliwa. Mstari huo mmoja ndio unaowaokoa wale waliokwama. Mchezaji wa pili ana 105 kwenye faili yake ya zamani na hana beji. Akifungua gemu mpya, swali linaulizwa kabla hajasogea hata mita moja, na anapata haki yake.

Ukifika Google Play, makosa yanakaa

Ukiwa bado unajaribu kwenye kompyuta yako, namba mbaya unaifuta na kuanza upya. Ukishachapisha, mambo hubadilika. Huduma ya Google Play Games ina beji za hatua kwa hatua, na maendeleo ya beji hizo hujumlishwa kutoka mchezo hadi mchezo. Gemu yenyewe haiwezi kuyapunguza wala kuyafuta. Mchezaji akishapewa hatua 12 za hewa, atakaa nazo.

Huduma hiyo inakupa njia mbili za kutuma hatua, na kuchagua moja ni uamuzi mzito kuliko unavyoonekana. Ya kwanza ni `increment`, inayosema "ongeza kiasi hiki". Ya pili ni `setSteps`, inayosema "hatua zifike angalau hapa". Ukitumia `increment` kutoka sehemu tatu, au ukaituma tena ukidhani ya kwanza haikufika, umejenga upya tatizo lile lile, safari hii kwenye kompyuta za Google ambazo huwezi kuzigusa. Ukitumia `setSteps` na kutuma `jumla` yako, hata ukituma 57 mara kumi, jibu linabaki 57. Na mchezaji akirudi nyuma kwa kufungua faili ya zamani, kutuma 54 hakupunguzi chochote.

Steam nayo ina mtego wake wa "kamwe". Ukiita `SetAchievement` lazima ufuatishe `StoreStats`, la sivyo mabadiliko hayatumwi. Na `IndicateAchievementProgress`, licha ya jina lake, huonyesha tu kidirisha cha maendeleo. Haifungui beji. Ukiwa na sehemu moja tu ya kufungulia beji, unakumbuka mambo haya mara moja. Ukiwa nazo saba, kuna moja utakayosahau.

Kuna mpaka wa dawa hii pia. Kama gemu yako inachezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia intaneti, `Hesabu` iliyo ndani ya simu ya mchezaji haifai kuaminiwa, kwani anaweza kuichezea, na simu mbili za mtu mmoja zitakuwa na namba mbili. Kanuni ni ile ile, mmoja ahesabu, ila huyo mmoja anahamia kwenye seva.

Majaribio manne ya dakika chache

Usisubiri kufikisha mizigo 100 ndipo ujue kama beji inafanya kazi. Andaa faili ya safari yenye namba unayotaka, na ujaribu mambo manne kabla ya kumpa mtu gemu yako.

Anza na 98, peleka furushi la mitatu. Beji itoke mara moja, na namba isome 101.

Anza na 99, fikisha mzigo wa mwisho wa misheni. Beji itoke mara moja, na namba isome 100, si 101.

Fungua faili yenye 105 bila beji. Itoke papo hapo, kabla ya kufikisha chochote.

Pata beji, rudi kwenye faili ya 97, fikisha mitatu tena. Kusitokee kitu.

Likishindwa la kwanza, angalia soko kama bado linaiongeza namba lenyewe. Likishindwa la pili, kuna mtu anahesabu pembeni, ama alama ya mzigo haiwekwi. Likishindwa la tatu, hukukagua ulipofungua faili. Na likishindwa la nne, beji yako iko kwenye faili isiyo yake.

Yakipita yote manne, bonyeza tena Ctrl+Shift+F na utafute `jumla +=`. Lazima upate mstari mmoja tu. Mwenzako akija wiki ijayo na soko jipya na utafutaji huo ukatoa mistari miwili, mrudishe kwenye `mzigo_umefika` kabla hamjachapisha.